Mara Mbili kwa Mwaka: Bei ya Hatifungani na Mavuno Yake

Hatifungani ni hati ya deni. Anayeitoa, iwe Serikali au kampuni, amekopa, anayeishika amekopesha. Hati hiyo hutaja mambo matatu: kiasi kitakachorudishwa siku ya mwisho, yaani thamani iliyoandikwa, riba itakayolipwa njiani, ambayo huitwa kuponi, na tarehe ya kuiva. Jina la kuponi limebaki tangu enzi za hati za karatasi zilizokuwa na vipande vidogo pembeni. Kila riba ilipofika, mwenye hati alikata kipande kimoja kwa mkasi, akakipeleka dirishani na kulipwa. Siku hizi hakuna mkasi wala karatasi, fedha huingia kwenye akaunti, lakini jina halikubadilika.

Katika masoko mengi kuponi hulipwa mara mbili kwa mwaka. Hatifungani za Hazina za Tanzania na Kenya hulipa hivyo, na za Marekani na Uingereza vilevile. Ujerumani hulipa mara moja tu. Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kunadi hatifungani ya miaka 25 mwaka 2021, kuponi yake ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwenye hati ya shilingi milioni 10 hapati shilingi 1,595,000 kwa mkupuo mmoja. Hupata 797,500, hukaa miezi sita, kisha hupata 797,500 nyingine.

Mgawanyo huo wa nusu kwa nusu unaonekana kuwa jambo dogo la kiutawala. Katika mtihani wa fedha za makampuni, ule wanaoufanya wanafunzi wa uhasibu na wa biashara, ndiko alama nyingi zinakopotelea. Swali lenye kuponi ya mara moja kwa mwaka hufanywa na karibu kila aliyesoma sura husika. Likiongezwa neno moja tu, kwamba riba inalipwa kila nusu mwaka, majibu ya darasa moja hutawanyika kuanzia laki tano hadi laki tisa na zaidi, na kila mmoja ana hakika na kikotoo chake.

Swali la namna hiyo linaweza kuwa hivi. Kampuni ya saruji ilitoa hatifungani miaka mitatu iliyopita, ya muda wa miaka minane, kwa thamani iliyoandikwa ya shilingi 1,000,000 kila moja. Kuponi ni asilimia 12 kwa mwaka, inalipwa kila nusu mwaka, na ya karibuni kabisa imelipwa leo. Sehemu ya kwanza inauliza bei ya hati moja iwapo wawekezaji wanataka mavuno ya asilimia 14. Sehemu ya pili inasema hati hiyo inauzwa sokoni kwa shilingi 950,000, na inataka mavuno yake hadi kuiva. Sehemu ya tatu inataka gharama ya deni hilo kwa kampuni baada ya kodi ya asilimia 30.

Kabla ya hesabu yoyote, swali linahitaji kuhamishwa kutoka kwenye miaka kwenda kwenye vipindi. Kipindi hapa ni miezi sita. Hati ilikuwa ya miaka minane, lakini mitatu imekwisha pita na kuponi zake zimeshaliwa. Mnunuzi wa leo hanunui yaliyopita. Imebaki miaka mitano, yaani vipindi 10. Kuponi ya mwaka ni shilingi 120,000, kwa hiyo ya kipindi ni 60,000. Mavuno yanayotakiwa ni asilimia 14 kwa mwaka, kwa hiyo ya kipindi ni asilimia 7. Thamani iliyoandikwa haigawanywi, kwa sababu milioni moja hurudishwa mara moja, siku ya mwisho. Mtahiniwa mwenye busara huandika namba hizo nne juu ya ukurasa kabla ya kugusa kikotoo: 60,000, 7, 10, 1,000,000. Tangu hapo neno "mwaka" halitumiki tena mpaka jibu litakapopatikana.

Bei ya hatifungani ni thamani ya sasa ya fedha zote zitakazotoka kwake. Shilingi 60,000 ya miezi sita ijayo ina thamani ndogo kuliko 60,000 iliyo mkononi leo, na ya mwaka wa tano ina thamani ndogo zaidi. Kila moja inagawanywa kwa 1.07 mara nyingi kadiri ilivyo mbali. Kwa kuwa kuponi zote ni sawa na zinafuatana bila kuruka, hakuna haja ya kuzipunguza moja moja. Kanuni ya malipo ya mfululizo inazikusanya kwa pamoja. Kanuni nzima huandikwa hivi, C ikiwa kuponi ya kipindi, F thamani iliyoandikwa, r mavuno ya kipindi na n idadi ya vipindi:

```
P = C × [1 − (1 + r)^−n] / r  +  F / (1 + r)^n
```

Kwa namba za swali, 1.07 ikizidishwa yenyewe mara 10 ni 1.967151. Moja kugawanya kwa hiyo ni 0.508349, nacho ndicho kizidishi cha ile milioni ya mwisho. Kizidishi cha mfululizo ni 1 kutoa 0.508349, kisha kugawanya kwa 0.07, yaani 7.023582. Kuponi zote kumi kwa pamoja zina thamani ya sasa ya shilingi 421,415. Milioni ya mwisho ina thamani ya sasa ya shilingi 508,349. Jumla ni shilingi 929,764, na hiyo ndiyo bei.

Anayetumia majedwali yanayogawiwa kwenye chumba cha mtihani atakuta vizidishi vimefupishwa kuwa 7.024 na 0.508, na atapata 929,440. Tofauti ya shilingi 324 inatokana na ufupishaji tu. Yupo mtahiniwa anayeiona tofauti kama hiyo, akashtuka, akafuta kazi nzuri na kuanza upya huku saa ikikimbia. Hakuna sababu.

Ipo njia nyingine ya kuliona jibu hilo, nayo inafaa kuliko kanuni yenyewe pale mtu anapotaka kujua kama amekosea. Mwekezaji anataka asilimia 7 kwa kipindi, yaani shilingi 70,000 kwa kila milioni. Hati inampa 60,000. Kila baada ya miezi sita anapungukiwa shilingi 10,000, na atapungukiwa mara kumi. Hatakubali kulipa milioni kamili. Atadai punguzo linalofidia mapungufu hayo kumi. Thamani ya sasa ya mapungufu ni 10,000 mara 7.023582, yaani 70,236. Milioni moja kutoa 70,236 ni 929,764, ileile.

Faida ya njia hiyo ni kwamba inaweka mpaka. Mapungufu kumi ya shilingi 10,000, hata yasipopunguzwa chochote, hayazidi 100,000. Kwa hiyo bei ya hati hii haiwezi kushuka chini ya shilingi 900,000, na haiwezi kuzidi milioni moja kwa sababu kuponi ni ndogo kuliko mavuno yanayotakiwa. Jibu lolote nje ya uwanja huo ni kosa, hata kama hatua zimeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza.

Kosa linaloonekana zaidi kuliko yote ni la mtahiniwa aliyegawanya kuponi, akaongeza vipindi mara mbili, lakini akaiacha asilimia 14 kama ilivyo. Anapunguza 60,000 kwa vipindi kumi vya asilimia 14, na kikotoo kinampa shilingi 582,711. Kwa kweli amemwekea mwekezaji sharti la asilimia 14 kila miezi sita. Lakini anayejua mpaka wa laki tisa hahitaji kuambiwa na msahihishaji. 582,711 inajitangaza yenyewe.

Kosa baya zaidi ni lile lisilojitangaza. Kuponi zinapunguzwa vizuri kwa vipindi kumi vya asilimia 7 na kutoa 421,415. Halafu mtahiniwa anafika kwenye milioni ya mwisho na kujiambia: hii hailipwi nusu nusu, inalipwa mara moja baada ya miaka mitano, kwa hiyo niipunguze kwa miaka mitano ya asilimia 14. Anapata 519,369 badala ya 508,349, na bei yake inakuwa 940,784. Jibu hilo limo ndani ya uwanja, linapendeza machoni, na limezidi kwa shilingi 11,020.

Hoja yake ina sura ya ukweli, ndiyo maana inawanasa hata wanafunzi wazuri. Kosa liko hapa: asilimia 7 kila miezi sita si sawa na asilimia 14 kwa mwaka inayohesabiwa mara moja. Shilingi 100 iliyowekwa kwa asilimia 7 inakuwa 107 baada ya miezi sita, na hiyo 107 nayo inazaa asilimia 7, inakuwa 114.49 mwisho wa mwaka. Zile senti 49 za ziada ni riba iliyozaliwa na riba. Anayepunguza kuponi kwa 7 kwa kipindi na mtaji kwa 14 kwa mwaka ametumia viwango viwili vya mavuno kwa mkopo mmoja: asilimia 14.49 kwa kuponi, asilimia 14 kwa mtaji. Mwekezaji ni yuleyule, hati ni ileile, kwa hiyo kiwango lazima kiwe kimoja tangu shilingi ya kwanza mpaka ya mwisho.

Hapo ndipo linapoingia swali ambalo vitabu vingi hulipita haraka: kwa nini asilimia 14 igawanywe kwa mbili, na si kwa njia nyingine? Jibu ni kwamba ni desturi. Katika masoko ya hatifungani zinazolipa mara mbili, mavuno hutangazwa kwa kuchukua kiwango cha miezi sita na kukizidisha kwa mbili tu, bila kuhesabu riba juu ya riba. Kwa hiyo anayesoma "mavuno ya asilimia 14" katika soko hilo anajua kwamba maana yake ni 7 kwa kipindi. Ni lugha ya soko, na mtihani huifuata isipokuwa pale swali linaposema vingine.

Na wakati mwingine linasema. Swali likitaja mavuno halisi ya mwaka, yaani yale yaliyokwisha kuhesabu riba juu ya riba, kugawanya kwa mbili ni kosa. Kinachotakiwa ni kiwango cha kipindi ambacho kikizaa mara mbili kinafika asilimia 14. Kipeuo cha pili cha 1.14 ni 1.067708, kwa hiyo kiwango cha kipindi ni asilimia 6.7708. Bei ya hati inakuwa shilingi 945,285. Kati ya bei hiyo na ile ya 929,764 kuna zaidi ya shilingi 15,000, zote zikitokana na neno moja ndani ya swali. Mtahiniwa aliyezoea kugawanya kwa mbili bila kusoma hataliona neno hilo kabisa.

Sehemu ya pili ya swali inageuza mambo. Bei imetolewa, shilingi 950,000, na kinachotafutwa ni kiwango. Mavuno hadi kuiva ni kile kiwango kimoja ambacho kikitumika kupunguza kuponi zote na mtaji, jumla inatua sawasawa kwenye bei ya soko. Kinaonekana kuwa jambo la kupindua kanuni tu, lakini kanuni hiyo haipinduliki. Kiwango kimezama ndani yake mara nyingi mno, kikiwa na vipeo hadi cha kumi, na hakuna njia ya kukitoa peke yake upande mmoja. Hutafutwa kwa kubahatisha kwa akili: mtu anajaribu kiwango, anaangalia bei inayotoka, anasogea.

Kubahatisha huko kunaanzia kwenye makadirio. Mwenye hati anapata kuponi 60,000 kila kipindi. Juu yake, aliinunua kwa 950,000 na atarudishiwa 1,000,000, hivyo ana faida ya 50,000 itakayoiva polepole kwa vipindi kumi, sawa na 5,000 kwa kipindi. Kwa wastani basi anapata 65,000. Fedha aliyofunga humo inaanzia 950,000 na kuishia 1,000,000, wastani wake ni 975,000. Kugawanya 65,000 kwa 975,000 kunatoa asilimia 6.67 kwa kipindi, au 13.33 kwa mwaka. Makadirio haya yanatosha kuonyesha mahali pa kuchimba: jibu liko kati ya asilimia 6 na 7.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa asilimia 6 bei haihitaji kukokotolewa. Kuponi ni 60,000, na asilimia 6 ya milioni ni 60,000. Mwekezaji hapungukiwi wala hazidishiwi, kwa hiyo bei ni milioni moja kamili. Inashangaza ni watahiniwa wangapi hutumia nusu ukurasa kuthibitisha jambo hilo. Kwa asilimia 7 bei imekwisha patikana katika sehemu ya kwanza: 929,764. Bei ya soko, 950,000, iko katikati. Kutoka milioni moja kushuka hadi 950,000 ni hatua ya 50,000, na kutoka milioni moja hadi 929,764 ni hatua ya 70,236. Sehemu iliyotembewa ni 50,000 kugawanya kwa 70,236, yaani 0.712. Kwa hiyo kiwango ni takribani asilimia 6.71 kwa kipindi, na mavuno ya mwaka kwa desturi ya soko ni mara mbili yake, asilimia 13.42.

Jibu sahihi kabisa, linalotoka kwenye kikotoo cha fedha au kompyuta, ni asilimia 6.70 kwa kipindi, yaani 13.40 kwa mwaka. Kwenye jedwali la kompyuta hupatikana kwa mstari mmoja, na bei ya sehemu ya kwanza kwa mwingine:

```
=RATE(10, 60000, -950000, 1000000)
=-PV(0.07, 10, 60000, 1000000)
```

Alama ya kutoa mbele ya 950,000 si pambo. Bei ni fedha inayotoka mfukoni, kuponi na mtaji ni fedha zinazoingia. Zikiandikwa zote kwa alama moja, mashine haiwezi kupata kiwango chochote na hurudisha `#NUM!`. Na kinachotoka kwenye mstari wa kwanza ni kiwango cha miezi sita. Mtu anayenakili 6.70 na kuiita mavuno ya mwaka ametoa nusu ya jibu, kihalisi.

Tofauti ya 13.42 na 13.40 ina sababu, na si ufupishaji. Bei na mavuno havihusiani kwa mstari mnyoofu. Mchoro wake umepinda kama kamba iliyolegea iliyofungwa kwenye vijiti viwili, cha kushoto kirefu na cha kulia kifupi. Njia ya kugawa hatua kwa uwiano inavuta kamba hiyo na kuinyoosha kutoka kijiti hadi kijiti, kwa hiyo inapita juu ya ilipo kamba halisi na kutoa mavuno makubwa kidogo kuliko yaliyopo. Vijiti vikiwa karibu, kosa ni dogo. Vikiwa mbali, linakua haraka. Mtahiniwa aliyechagua asilimia 4 na asilimia 10 kama viwango vyake vya kujaribia atapata bei za 1,162,218 na 754,217, atagawa kwa uwiano vizuri kabisa, na atafika kwenye asilimia 7.12 kwa kipindi, sawa na 14.24 kwa mwaka. Hatua zote ni sahihi, jibu limepotea kwa karibu pointi nzima. Na hapa pia kuna njia rahisi ya kulinasa: sehemu ya kwanza ilionyesha kwamba kwa mavuno ya asilimia 14 bei ni 929,764. Hati inayouzwa kwa bei ya juu kuliko hiyo haiwezi kuwa na mavuno yanayozidi 14. Bei ikipanda, mavuno hushuka.

Linabaki suala la maana ya asilimia 13.40. Ikizazwa mara mbili, 1.0670 kwa 1.0670, inatoa mavuno halisi ya mwaka ya asilimia 13.85. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na benki inayolipa riba mara moja kwa mwaka, au na hatifungani ya Ulaya yenye kuponi moja. Kulinganisha 13.40 na 13.60 ya mkopo unaohesabiwa mara moja kwa mwaka, kisha kusema wa pili unalipa zaidi, ni kulinganisha vipimo viwili tofauti. Kwa kweli hatifungani ndiyo inayolipa zaidi.

Aidha, mavuno hadi kuiva yana sharti lililofichika. Yanachukulia kwamba kila kuponi ya 60,000 ikipokelewa inawekezwa tena papo hapo kwa kiwango kilekile cha 6.70. Mwenye hati anayezitumia kuponi zake kwa ada ya shule, au anayezifungia kabatini, hapati hayo. Aliyezifungia atakuwa na kuponi 600,000 na mtaji 1,000,000 siku ya kuiva. Kutoka 950,000 hadi 1,600,000 kwa vipindi kumi ni ukuaji wa asilimia 5.35 kwa kipindi, yaani 10.70 kwa mwaka kwa desturi ileile. Hati haikumdanganya, ila ile 13.40 ilikuwa ya mtu mwenye mahali pa kuziweka kuponi zake kwa kiwango hichohicho. Watunga mitihani hupenda kuuliza jambo hili kwa maneno, kwa alama mbili tatu, na ni nadra kujibiwa kwa mfano wa namba.

Hesabu zote hizi zimesimama juu ya maneno ya swali kwamba kuponi ya karibuni imelipwa leo. Hati ikiuzwa miezi miwili baadaye, muuzaji atadai sehemu yake ya kuponi inayokuja, kwa kuwa ameishika hati kwa theluthi ya kipindi: shilingi 20,000. Kwa mavuno ya asilimia 14, thamani nzima ya hati siku hiyo ni 929,764 ikikuzwa kwa theluthi ya kipindi, yaani 950,971. Hicho ndicho mnunuzi anacholipa. Bei inayotangazwa sokoni huondoa ile 20,000 na kusoma 930,971, ili isionekane inapanda kila siku na kuanguka ghafla kila kuponi inapolipwa. Maswali mengi ya fedha za makampuni hukwepa jambo hili kwa makusudi, kwa kuchagua siku ya kuponi.

Sehemu ya tatu ni fupi lakini ndiyo iliyoifanya hatifungani iingie kwenye mtihani wa fedha za makampuni tangu mwanzo. Kampuni inataka kujua deni lake linaigharimu kiasi gani, ili ichanganye na gharama ya mtaji wa wenye hisa na kupima mradi mpya. Riba hupunguza faida inayotozwa kodi, kwa hiyo kwa kodi ya asilimia 30, ambayo ndiyo kiwango cha kawaida cha makampuni Tanzania na Kenya, kila shilingi ya riba inaigharimu kampuni senti 70. Asilimia 13.40 mara 0.70 ni asilimia 9.38. Swali linalodai gharama halisi ya mwaka litaanzia kwenye 13.85 na kufika kwenye 9.70, na kwa kuwa fedha za mradi kwa kawaida hupunguzwa mwaka kwa mwaka, hiyo ya pili ndiyo inayolingana nazo zaidi. Wasahihishaji wengi hukubali yoyote mradi mtahiniwa ameandika amechagua ipi.

Kisichokubalika ni kuchukua kuponi ya asilimia 12, kuizidisha kwa 0.70 na kuandika 8.40. Asilimia 12 ndiyo riba ambayo kampuni iliahidi siku ilipotoa hati. Leo wawekezaji hawaikopeshi kwa kiwango hicho. Ndiyo maana hati ya milioni moja inauzwa kwa 950,000, na mkopo mpya wa aina hiyo ungepatikana kwa takribani 13.40. Mtahiniwa aliyeandika 8.40 amejibu swali la miaka mitatu iliyopita.